Maji Yalipokatika Dawa Ikiwa Kichwani

Afisa biashara wa mji alikataa kutupa leseni za saluni mpaka tukakae kwanza na mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, aliyekuwa akitengeneza nywele tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Tulikuwa wanawake wanne na wote tuliona tumedharauliwa. Mimi hasa. Nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miezi minne nikijifunza kutia dawa ya kunyoosha nywele, na nilirudi Tabora nikiamini hakuna mtu kati ya Igalula na Usinge anayeweza kunifundisha lolote kuhusu kichwa cha mwanamke.

Tulikwenda Jumatatu asubuhi, siku anayofunga. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa: viti viwili, kioo chenye ufa, jiko la mkaa la kupashia chanuo, na mapipa matatu ya maji yamepangwa ukutani. Mwenzangu mmoja alininong'oneza kwamba tumeletwa kwa mama ntilie. Nikacheka. Karibu na mlango alikaa mwanamke mwingine wa makamo, kitenge kichwani, akichambua karanga kwenye ungo. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikadhani ni ndugu wa nyumba hiyo.

Mwenye saluni hakutukaribisha chai. Alituuliza mmoja mmoja tumeshanunua nini. Wa kwanza alikuwa na kioo kirefu alichokipata kwa Mhindi wa barabara ya sokoni. Wa pili alikuwa na mashine ya kukaushia nywele. Wa tatu alikuwa amechorewa bango lenye picha ya mwanamke wa Kizungu, katika mji ambamo Wazungu waliobaki walikuwa mapadri. Mimi nikasema kwa majivuno kwamba nina makopo sita ya dawa kutoka Nairobi. Zama hizo hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo nilitegemea ashangae.

"Na maji?" akauliza.

Tukamjibu kwamba bomba lipo. Akatutazama kama mtu anayeangalia mchele wenye mawe.

Ndipo akaanza kutueleza duka lake la kwanza, na alilieleza kwa kejeli kana kwamba anamsema adui yake. Alilifungua karibu na soko, akaweka mapazia, akakataa kusuka. Wanawake waliokuja kutaka kusukwa aliwaambia waende kwa bibi zao barazani. Yeye aliwataka wake za wakubwa. Wake za wakubwa walikuja mara mbili kwa mwaka, wamejifunika gubigubi, maana vijana wa siasa walikuwa wakiwazomea njiani wanawake walionyoosha nywele. Siku nyingine zote alikaa peke yake akijitazama kwenye kioo. Alisema hajawahi kumwona mwanamke mjinga kwa ukaribu kiasi kile.

Kisha siku moja akaja mke wa gadi wa reli, aliyekuwa anasafiri kwenda Kigoma harusini. Mwanamke yule alikuwa amefumua mabutu asubuhi ileile na kujikuna kichwa kizima kwa kitana. Mwenye duka hakuuliza, ingawa dawa huichoma ngozi iliyokunwa. Hakupaka mafuta mazito kwenye ngozi ya kichwa kwanza, kwa sababu mteja alikuwa na haraka ya treni. Akavaa glavu, akapaka dawa kuanzia kisogoni mpaka utosini. Mteja aliposema inawasha, akamwambia avumilie kidogo ndipo zinyooke vizuri. Aliposema inachoma, akafungua bomba. Likatoa hewa.

"Lilikoroma tu," alisema. "Na mimi nimesimama na taulo."

Ndani kulikuwa na birika moja la maji ya chai. Akalimwaga lote kichwani, halikutosha hata kisogo. Akaanza kufuta kwa taulo, mteja akilia. Mwisho akakimbia ng'ambo ya barabara kwa Mhindi muuza nguo, ambaye siku chache kabla alikuwa amemtukana kwa sababu yeye alimwaga maji machafu mbele ya duka la Mhindi huyo.  Mhindi alimpa ndoo mbili za maji. Aliporudi, ngozi ya nyuma ya masikio ilikuwa imeshatoka.

"Basi," akaendelea, "nikaenda kwake kumwomba radhi, nikamuuguza mpaka nywele zikaota. Wateja wakarudi."

"Hapo umeruka," akasema mwanamke wa karanga.

Tuligeuka wote. Alikuwa ameweka ungo chini. Akavua kitenge taratibu, na nyuma ya sikio lake la kulia tukaona pahali palipong'aa, pasipo na unywele hata mmoja.

"Kwangu hukuja," alisema. "Alikuja mama yako na asali. Wewe ulikaa dukani ukiwaambia watu kichwa changu kibovu, nina mapunye tangu utotoni."

 Nakiri nilifurahi. Yule aliyetutazama kama takataka sasa alikuwa anatazama vidole vyake. Lakini hakubisha. Alisema ni kweli, na kwamba amekuwa akiruka hapo kila anaposimulia, kwa sababu hapo ndipo anapojichukia.

Akatueleza tena, safari hii bila kejeli. Dawa haikufunga duka. Mdomo wake ndio uliokaribia kulifunga. Mji ulijua ukweli tangu jioni ileile, na kila alipomsingizia yule mke wa gadi, wanawake wawili watatu walihamia upande wa pili wa barabara. Mwenye nyumba akaanza kuleta watu kukitazama chumba. Mama yake, aliyekuwa akienda kila siku kumpaka majeruhi asali, hatimaye alimwambia hatakula tena chakula chake mpaka aende mwenyewe. Akaenda. Siku tatu hakufunguliwa mlango. Siku ya nne alifunguliwa, akapewa sharti moja: aseme dukani kwake, mbele ya wanawake, kwamba ni yeye aliyemchoma.

Alisema hivyo mkesha wa Idi, duka limejaa majirani waliokuja kumsikia tu. Wiki iliyofuata walikuja wawili kusukwa. Akawasuka.

"Mapipa mtanunua," alituambia. "Hata mjinga ananunua pipa. Nawauliza, mtasema nini siku mtakapomchoma mtu?"

Mwenye bango alijibu kwamba yeye hatamchoma mtu, amesoma. Mwanamke wa karanga akarudi kwenye ungo wake, na mkutano ukaishia hapo.

Mwenye bango alifunga kabla ya mwaka kwisha; nasikia alilaumu mahali saluni ilipokuwa. Mimi katika mwezi wa tatu tangu nifungue nilimchoma msichana wa chuo cha ualimu, pembeni ya paji la uso, eneo la ukubwa wa kidole gumba. Maji yalikuwepo, tele. Nilikuwa napiga soga tu nikapitisha dakika za dawa. Nilipokuwa namsuuza, neno "ulijikuna" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, laini kabisa, tayari kutoka. Sijui lilijitunga saa ngapi.

Nikamwambia, "Nimekuchoma mimi."

Alilia, akaondoka, akawaeleza wenzake bweni zima. Kwa wiki kadhaa hakuja mwanachuo hata mmoja, na wengine hawakurudi kamwe. Sikujiona mwema hata kidogo. Nilijiona mpumbavu aliyesema kweli, nikafagia nywele, nikamsubiri mteja wa kusukwa.