Kifuniko Kisichopiga Kelele

Wakala wa kazi za Uarabuni alimpa mjukuu wangu muda mpaka shule zifunguliwe. Akikubali, anakwenda kuosha sakafu za watu asiowajua. Akikataa, nafasi anapewa mwingine, na wa kuitaka walikuwa wengi. Mimi nilisema haendi. Nilimbeba mgongoni tulipovuka mpaka kutoka Kongo, nikamsomesha kwa cherehani moja hapa Kamwokya, Kampala, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza sekondari. Nilijivuna, na bado najivuna. Msichana wa namna hiyo hapelekwi kusugua choo cha mtu.

Tukakubaliana. Tukipata kitu cha kuuza kwenye soko la mtandaoni, lile la ndani ya simu, na kikatembea kabla ya siku ile, anabaki.

Mimi nilitaka kushona mikoba ya kitenge mara moja. Akaniambia mikoba ya kitenge humo ni mingi kuliko mbu wa bondeni, kwanza tuangalie wenzetu wanauza nini na wateja wao wanalia nini. Akachukua daftari, akapiga mistari. Jina la duka, ukubwa wa kitu, bei, bei ya boda kukuletea, nyota, malalamiko. Ile ya boda ndiyo ilinifungua macho. Muuzaji mmoja alionekana rahisi, ukijumlisha safari anakuwa ghali kuliko wote. Mwingine aliandika bei kubwa, akaikata mstari, akaweka ndogo chini yake. Mjukuu wangu aliichungulia wiki mbili, ile bei kubwa haikuwahi kutozwa hata siku moja.

Kiingereza sijui, kwa hiyo alinisomea huku nikishona. Maneno ya nyota tano aliyapita haraka. Alisema mtu aliyefurahi huandika neno moja na kuondoka, lakini aliyetoa nyota mbili au tatu hueleza kilichomuuma. Kwenye duka moja alikuta sifa nyingi zimeandikwa siku moja, karibu maneno yale yale. Nikacheka, nikasema hawa wote waliamka asubuhi moja wakakipenda kitu kimoja, labda walilala kitanda kimoja.

"Wamepangwa, Jaja," alisema. Jaja ndiyo bibi kwa watoto wa Kampala.

Tulipita mapazia, aproni, mashuka. Kisha tukafika kwenye vifuniko vya godoro, vile visivyopitisha maji, vya watoto wanaokojoa kitandani. Duka lenye nyota nyingi lilikuwa na vipimo vya vitanda vya nyumbani tu. Chini yake wazazi waliuliza: je, mnacho cha deka, kile kitanda kimoja juu ya kingine cha shule ya bweni? Hakuna aliyewajibu. Mzazi mmoja alitoa nyota mbili. Maji hayapiti, aliandika, lakini plastiki inapiga kelele, mtoto wangu akigeuka bweni zima linajua.

Mjukuu wangu aliweka simu chini. Nikadhani mtandao umekatika.

"Jaja, mimi nilikuwa nalala chini," alisema. "Sementi. Muhula mzima."

Sikuwahi kujua. Niliwahi kumnunulia plastiki ya mezani, nikaikata, nikaona nimefanya jambo la maana. Alikuwa anaikunja na kuificha ndani ya sanduku, ili wenzake wasiisikie.

Hapo nikajua tumepata pengo letu, na sikupenda lilikotoka.

Tukaagiza kifuniko cha lile duka la nyota nyingi. Kilipoletwa nilikilalia, nikageuka huku na huku. Kwaru, kwaru, kama kuku kwenye majani makavu. Nikachukua wembe nikakifumua chote. Plastiki ngumu, mishono iliyoachana, na sindano imetoboa pale pale maji yanapokusanyika. Nikakumbuka mashuka ya mitumba niliyowahi kuyaona soko la Owino, yale ya wazee wa Ulaya, juu taulo na nyuma utando laini kama ngozi ya mtoto. Nilizunguka huko siku mbili na kipande mkononi, mpaka mwenye jora la kitambaa kipya cha namna hiyo akapatikana. Tukashona cha deka, mishono yote ikae pembeni chini ya godoro, juu tukatandika pamba ya rangi ya shuka ya kawaida. Ukikiona hujui ni nini. Ukikilalia husikii kitu.

Kwenye tangazo mjukuu wangu hakuandika bora wala namba moja. Aliandika kipimo, kwamba hakina kelele, na kwamba kinafanana na shuka. Bei akaweka juu kidogo ya lile duka. Alisema wazazi wale hawakulalamikia bei.

Wakaanza kununua. Mmoja, wawili, kisha kila siku mtu. Wawili waliandika sifa, nyota tano tano. Wakala akapiga simu, mjukuu wangu akamwambia subiri. Nililala vizuri siku hizo.

Tatizo langu ni mdomo, na kiburi. Niliona lile duka lina sifa tele za wateja na sisi tuna mbili tu, nikaona aibu. Jumapili kanisani kwetu, mtu akitendewa jema husimama, wenzake wakasimama naye wakashuhudia. Nikasimama. Nikawaambia akina mama wa kwaya, nyote mnanijua, mnajua mkono wangu, toeni simu mnishuhudie. Wakatoa, wote, pale pale uani baada ya ibada, anayejua kuandika akimsaidia asiyejua. Mungu ni mwema, kifuniko ni kizuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekinunua. Lakini mimi walinijua, na kwangu huo haukuwa uongo.

Jumanne duka letu halikuonekana tena.

Mjukuu wangu alisoma ujumbe wa soko mara mbili ndipo akanieleza. Sifa nyingi za siku moja, maneno yanayofanana, watu wasionunua. Duka limefungwa mpaka wachunguze.

"Jaja, uliwaambia waandike?"

"Niliwaomba ushuhuda."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua daftari kwenye ule ukurasa wa duka la sifa za siku moja, tulilolicheka, akautazama, akalifunga.

Aliandika barua ya kuomba radhi, akaituma tena na tena. Wiki ile ndiyo wiki wazazi wote wa Kampala wananunua magodoro na masanduku, na sisi tulikuwa tumefungiwa. Na lile duka la nyota nyingi halikulala. Tulipochungulia sufuria yao tulisahau kwamba yetu pia haina kifuniko. Walikuwa wameweka kipimo cha deka, kisicho na kelele, chenye sura ya shuka, na bei chini ya yetu.

Soko lilitufungulia baada ya shule kufunguliwa. Mjukuu wangu alikuwa ameshaondoka kwenda Uarabuni siku tatu kabla. Kwenye uwanja wa ndege alinishika mkono akasema nisile chumvi nyingi. Hilo tu.

Vifuniko visivyouzwa bado viko chini ya kitanda changu. Akipiga simu, namwuliza analala wapi, anasema pazuri, nami sina wa kunisomea malalamiko ya nyumba ile.

Juzi nilimwomba jirani anifungulie ukurasa wa lile duka. Sijui nilitafuta nini. Akanisomea maneno ya mzazi mmoja: mwanangu sasa analala kitandani kama wenzake, hakuna anayejua. Nyota tano.

Nikamwambia jirani azime simu.