Uso Uliomezwa na Mkunjo

Pale ofisini walimwita Bibi Rula, na jina lilimkaa. Rula yake ya chuma alitembea nayo kwenye mkoba kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya watoto: picha ikae wapi, maandishi yakae wapi. Watu wa nje walidhani ni kazi ya kubonyezabonyeza tu. Wee! Wangemwona akipima umbali kati ya neno na sikio la sungura wangekoma.

Alikuwa na amri zake, na aliyeajiriwa leo alizisikia leo hiyohiyo. Usiandike juu ya uso wa mtu, hata kama ni wa mpita njia. Watu wawili wakitazamana, usipitishe maneno katikati yao, utawakatiza. Na ya tatu, hii aliisema akiwa amesimama: usiweke uso kwenye mkunjo. Kwenye kompyuta kurasa mbili hulala bapa, ubavu kwa ubavu, kila kitu kinapendeza. Kitabu kikishabanwa na kupigwa gundi mgongoni, sentimita nzima ya kila upande inazama kule ndani. Ukiweka pua pale, pua imekwenda. Ndiyo maana yeye hakuiamini kompyuta. Kila kitabu alikichapa kwenye karatasi za kawaida, akakikata na kukigundisha kwa mkono wake, kisha akakifungua kama afunguavyo mtoto, kwa vidole vyenye papara.

Wenzake walimtania. "Bibi Rula, hata chapati unaikunja kwa vipimo?" Naye alicheka nao. Hawakujua kwamba nyumbani, akikunja shuka mchana kweupe, alikuwa akisita linapokuja lile kunjo la katikati. Mle ndani ya kunjo aliona nusu ya uso wa mtoto. Jicho moja huku, jicho moja kule, na katikati hakuna kitu. Aliuona kwenye gazeti, aliuona kwenye pazia la zahanati. Miaka kumi na miwili, jamani! Alikuwa akiogopa, na mtu mzima kuogopa shuka ni aibu, kwa hiyo alinyamaza.

Uso ule ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa wa binti wa mchoraji mmoja, mtu mpole, mwenye rangi kwenye kucha zote kumi, ambaye Bibi Rula alimwita kaka, na mke wake alimwita wifi. Binti alikuwa mgonjwa, na mchoraji akamchora kitabu kizima: msichana anayezunguka nyumba nzima akimtafuta mtu, chumba baada ya chumba. Picha ya mwisho ilichukua kurasa mbili zinazotazamana. Msichana yuko kitandani, amefumbua macho, anatazama kushoto na anatabasamu. Kitabu kilipotoka kiwandani, binti alikuwa ameshazikwa wiki tatu. Mama yake akakifungua pale mwisho, akaona macho mawili yaliyotenganishwa na shimo. Akakibana kwa viganja ili uso utoke. Mgongo wa kitabu ukalia ka!, na kurasa zikamwagika miguuni pake.

Bibi Rula alikuwepo. Mchoraji alimwambia, "Si kitu, dada, si kitu," wala hakukifungua kile kitabu, siku ile wala siku nyingine yoyote. Mwaka jana naye alifariki.

Sasa basi, Jumatatu moja meneja akaingia na habari njema. Kijana huyu hakuwepo enzi zile, alikuta mambo yamekwisha. "Mama, kile kitabu cha msichana wa kitandani kinarudi kiwandani. Shule zinakitaka. Hakuna kazi, faili lipo, tunalituma Ijumaa kama lilivyo."

Bibi Rula akaweka kikombe chini. "Kama lilivyo?"

"Kama lilivyo. Kwani kina nini?"

Kabla hajajibu, mlango ukagongwa. Mjane wa mchoraji alikuwa amesimama pale na kitabu cha zamani kifuani, kimefungwa kwa mpira wa kufungia nywele ili kurasa zisidondoke. Alikuwa amesikia kinachapwa upya. Akamsalimia kila mtu, akakaa, akamgeukia Bibi Rula peke yake.

"Wifi, sina mengi. Picha nyingine ya mwanangu sina, zile za simu ziliharibika na simu. Ninayo hii tu. Na kwenye hii hana pua. Mnachapa upya, nami nazeeka. Naomba nimwone uso mzima, basi."

Meneja akajikuna shingo. Bibi Rula akasema, "Utamwona." Alisema haraka mno.

Alipobaki peke yake alivuta droo pana ya chini kabisa, ile ambayo kwa miaka kumi na miwili aliipita kwa mbali kama mtu anavyompita mbwa aliyemwuma. Picha yenyewe ilikuwa humo, rangi kwenye karatasi nene. Hakuhitaji kuipima lakini aliipima. Kurasa mbili za kitabu zilikuwa na upana wa sentimita arobaini. Picha ilikuwa na hamsini.

Hapo ndipo siri yake ilipokaa. Mchoraji alileta picha ndefu kuliko nafasi, ikabidi sentimita kumi zikatwe. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta mtupu. Upande wa kushoto kulikuwa na mlango, na mlangoni mwanamke amesimama na kanga begani, anamtazama mtoto. Kwenye ukingo, kwa penseli, mchoraji aliandika: Kata kulia. Uso wake uwe katikati ya ukurasa wa kulia.

Yeye akakata kushoto. Kwa nini? Kwa sababu ya maandishi! Mchoraji aliandika mistari miwili, ofisi ikaivuta ikawa sita ili kitabu kionekane kina masomo, na mistari sita ilihitaji ukuta mtupu. Akaubakiza ukuta, akampiga mkasi wa kompyuta mwanamke wa mlangoni. Uso wa mtoto, uliokuwa sentimita thelathini kutoka kushoto, ukawa ishirini. Katikati barabara. Kwenye kompyuta ulipendeza kweli. Ile penseli aliiona, akasema moyoni, huyu ni mchoraji, mambo ya kurasa atayajulia wapi. Kiburi tu. Hakuna jina jingine.

Basi akaanza upya. Akakata kulia, ukuta ukaenda zake. Uso wa binti ukahamia katikati ya ukurasa wa kulia, mbali na mkunjo, na mwanamke akarudi mlangoni kwake ukurasa wa kushoto. Mkunjo ukaangukia kwenye dirisha lililo katikati yao, na dirisha likimezwa kidogo halimlizi mtu. Vizuri. Maneno sasa yaende wapi? Juu ya blanketi, haiwezekani: lina mistari mistari, herufi zingepotea humo. Juu ya dirisha yangeingia mkunjoni. Katikati ya wale wawili, hapana, hapana kabisa, macho yao yalikuwa yanapita pale. Ilibaki sakafu, chini ya miguu ya mwanamke, kijivu hafifu bila doa, na sakafu ilibeba mistari miwili tu. Kupunguza ukubwa wa herufi hakukubali, mtoto anayejifunza kusoma haonewi hivyo.

Akapeleka kwa meneja. Meneja akashika kiuno. "Mama, mistari sita ilishapitishwa. Unaifuta minne?"

"Minne hiyo tuliiongeza sisi. Na mimi ndiye niliyemkata mtu ili ipate pa kukaa." Akamweleza yote, penseli na mkasi, kwa mara ya kwanza kwa binadamu yeyote. Meneja akaivuta ile picha, akaweka kidole mlangoni.

"Huyo mlangoni ni nani?"

"Ni yule aliyekuja Jumatatu."

Meneja akajikuna shingo tena. "Tuma," akasema. "Lakini yeye aone kwanza."

Alhamisi adhuhuri Bibi Rula alikuwa sebuleni kwa wifi yake, na kitabu cha mfano alichokigundisha mwenyewe. Alikuwa amekifungua na kukifunga mara arobaini, na kila mara uso ulikuwepo. Mjane akakipokea, akafunua chumba baada ya chumba. Alipofika mwisho akaweka viganja viwili juu ya kurasa tayari kukandamiza, kama alivyozoea. Akasita. Hapakuwa na cha kukandamiza. Binti alikuwa mzima, pua, kidevu, na pengo la jino la mbele.

"Mama yangu," alisema mjane, akimwita mwanawe hivyo. "Mama yangu, huyo hapo."

Bibi Rula akataka kulia kwa furaha. Lakini mjane alikuwa ameshaanza kufuata macho ya mtoto kwa kidole, kuelekea kushoto, akavuka dirisha, akavuka mkunjo, akafika mlangoni.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, wifi."

"Mimi sikuwemo humu."

"Ulikuwemo. Nilikukata mimi. Nilitaka nafasi ya maandishi. Yeye aliandika kabisa nisikate upande huo."

Mjane akainamia mistari miwili ya sakafuni, akaisoma kwa sauti, polepole. "Alipofumbua macho, alimwona yule aliyekuwa akimtafuta. Alikuwa hapo muda wote." Akarudia ule wa pili. Kisha akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Mwanangu alikata roho nikiwa nje nimekwenda kuchota maji," alisema. "Dakika tano tu. Kilipotoka kitabu nikaona baba yake amechora nyumba nzima, mpaka paka kamchora, mimi sipo. Mtoto anatabasamia hewa. Nikasema, ameniweka nje kwa sababu ya zile dakika tano. Sikumwuliza. Naye akaona nimenuna, hakuniuliza. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja, wifi, kila mtu na ukuta wake. Nimemzika nikiwa nimemnunia."

Bibi Rula akashika mkoba wake. Alijua msamaha hauombwi hapo, ungekuwa kama utani. Alitaka kuondoka, akaambiwa akae. Akakaa. Mjane akakifungua tena pale mwisho, akaangalia hadi chai ikapoa.

Ijumaa faili likaenda kiwandani, na kitabu kikatoka salama. Watoto wanakisoma, uso uko mahali pake. Na Bibi Rula sasa anakunja shuka bila kumwona yule mtoto. Anayekuja siku hizi ni baba yake, mwenye rangi kwenye kucha, amesimama upande mmoja wa kunjo. Mkewe yuko upande wa pili. Bibi Rula hulikunjua shuka tena, akalinyoosha kitandani likalala bapa, akaliacha hivyohivyo.