Nywila Ambayo Hakuibadilisha

Niliachwa talaka moja, kwa karatasi, asubuhi ambayo hata vyombo vya chai sikuwa nimeviosha. Nasema moja kwa sababu kwetu hesabu hiyo ina maana. Ukiachwa moja, mume ana haki ya kukurejea muda wote wa eda, bila ndoa mpya wala mahari, kwa neno lake tu. Basi nilirudi kwa mama yangu Gerezani nikiwa mke na si mke, nikashona nguo za watu barazani, nikawa nasubiri neno. Sitajitia ukali hapa. Nilikuwa nalitaka lile neno kuliko nilivyotaka kula.

Mama hakutaka kulisikia. "Mwanamume kakufukuza kama paka, wewe unatega masikio," aliniambia, kisha akaongeza sauti ya redio ili nisimjibu.

Simu yangu ilianguka juma hilohilo, kioo kikafa kabisa, nikawa natumia kitochi cha mama cha kupigia tu. Pesa za ushonaji zilipotimia nilikwenda Kariakoo kununua simu nyingine. Kijana wa dukani alihamishia laini yangu kwenye simu mpya, akaiwasha, akaniuliza bila kuinua macho:

"Dada, ya zamani ilikuwa na bakapu? Tuvirudishe vitu vyako au tuanze upya?"

Nikamwambia virudi, nikifikiria picha na namba za wateja. Akanipa simu niingie kwa akaunti yangu ya zamani ya barua pepe, namba ya kuthibitisha ikaja kwa meseji. Kisha simu ikataka nichore mchoro niliokuwa nikifungulia ile iliyokufa. Nikauchora. Vidole viliukumbuka kabla yangu.

"Mchoro ungekuwa umeusahau tungehangaika," alisema. "Sasa poa. Namba, meseji, hata Wi-Fi zako zote zinarudi na pasiwedi zake. Ukipita ulikowahi kuunganisha inashika yenyewe."

Nikacheka, nikamwambia mimi sina Wi-Fi popote duniani. Nilisema ukweli kwa jinsi nilivyoujua siku ile.

Siku chache baadaye nilipeleka gauni la mteja Upanga, mtaa ambao tulikuwa tunakaa. Ningeweza kupita njia nyingine. Nilipita ileile, kwa sababu mguu wa mtu aliyeachwa una ujinga wake. Bando langu lilikuwa limeisha tangu jana yake. Nilipofika mbele ya geti letu, simu ikaanza kulia mkobani, meseji zikimiminika moja juu ya nyingine, mteja anauliza gauni, dada yangu anauliza hali, vichekesho vya kundi la shule. Nikaitoa. Juu ya kioo kulikuwa na alama ya Wi-Fi, imejaa. Nikagusa kuangalia mtandao gani. Usijaribu.

Hilo ndilo jina alilouita mtandao wetu, ili majirani wasijisumbue.

Lazima nieleze mume wangu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa mgomvi. Akimnunia mtu alibadilisha nywila. Mdogo wake alipokaa kwetu mwezi mzima bila kuchangia hata sukari, nywila ilibadilika kabla mgeni hajafunga begi. Dada wa kazi alipoondoka, ikabadilika jioni ileile. Kila mara aliichukua simu yangu, akaniandikia mpya yeye mwenyewe, akanirudishia akitabasamu. Mimi tu ndiye niliyebaki ndani. Mtu wa hivyo anamwacha mke, halafu haigusi nywila? Nilisimama pale getini nikicheka peke yangu kwa furaha.

Toka siku hiyo Upanga ikawa na wateja wengi ajabu. Mkanda wa kubana, pindo la kushusha, kifungo kimoja, vyote nilivipeleka mwenyewe kwa mguu, nikikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja na jua lote. Nilikuwa nasimama upande wa pili wa barabara, natazama balkoni yetu ya ghorofa ya kwanza, nasubiri ile alama itokee. Ikitokea, siku yangu ilikuwa imepona. Zamani getini mtandao ulikuwa dhaifu, picha haifunguki. Sasa ulikuwa umejaa. Nikajiambia amekisogeza kile kiboksi cha intaneti dirishani. Nilimpangia na sababu: anajua napita, anaona haya kunipigia, amenisogezea. Mwanamke mzima, fundi wa nguo ninayejua kupima hadi nusu inchi, nilikuwa nashona kanzu nzima kwa uzi mmoja.

Mama aliona nilivyokuwa narudi nikiimba. Siku moja nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kama anakutaka ana mdomo," akaingia ndani.

Eda ikafika ukingoni. Nikaona kuoneana haya hakuna faida tena, yeye kama anashindwa kuanza nitaanza mimi. Nikaoga, nikajifukiza udi, nikavaa gauni alilokuwa analipenda. Mama nilimwambia wazi ninakokwenda. Akapunguza sauti ya redio, na hilo lenyewe halikuwa kawaida yake.

Pale getini simu ikashika kama kawaida. Nikaingia. Mwenye nyumba, mama wa Kihindi ambaye hukaa na wajukuu zake chini, alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Jamani, umekonda." Aliniona natazama ngazi. "Umesahau kitu? Juu hakuna mtu."

"Yuko kazini?"

Akaweka ungo chini. "Hakukwambia? Amehama. Tangu mwezi uleule ulioondoka wewe. Alisema amepata kazi Mwanza."

Nikamwambia haiwezekani, intaneti ipo, simu yangu inashika hapahapa. Nikamwonyesha kioo, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Ndiyo, kile kiboksi kipo kwangu sebuleni," alisema kwa upole. "Aliniachia, akasema hana kazi nacho. Siku anaondoka aliwaandikia wajukuu hiyo pasiwedi, wanasomea. Mimi nalipia tu, kubadilisha sijui."

Nywila ambayo mdogo wake wa tumbo moja alinyimwa, aliigawa kwa wajukuu wa mwenye nyumba akiwa anatafuta gari la kuhamishia makochi. Hakuniachia mlango wazi. Alikuwa amemaliza, na mtu aliyemaliza hahangaiki kufunga. Simu yangu ilikuwa imebeba kitu alichokwisha kukitupa, na mimi nilikuwa nakifuata juani wiki baada ya wiki, nikitazama balkoni ya nyumba tupu.

Yule mama alinishika mkono, akaniambia nikae ninywe maji. Nilikataa kwa adabu. Nililia kuanzia getini hadi karibu na hospitali, kwa sauti, na watu wa pale wamezoea kuona wanaolia, hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani.

Nilifika Gerezani alasiri. Redio ilikuwa imezimwa. Baraza limefagiliwa, cherehani yangu imefunikwa kitambaa, na sanduku langu, ambalo tangu nije lilikuwa chini ya kitanda, limesimamishwa kando ya mlango, limefutwa vumbi. Mama alikuwa ameketi juu ya kiti cha wageni, amevaa buibui lake la harusini na mkoba mapajani. Alisimama aliponiona peke yangu.

"Amekwambia atakuja kukuchukua saa ngapi?" aliuliza.

Nikampokea mkoba, nikamwambia, "Kaa, mama. Vua buibui. Hatuendi popote."