Mvua Iliyokataa Kushuka Chini

Mimi nimebeba mabelo ya mitumba, yale marobota ya nguo kuukuu, mpaka shingo ikaingia ndani ya mabega. Ukiniona kwa mbali unadhani ni stuli inatembea. Wakati huo nilikuwa natoka mtaa wa Tena asubuhi na mguu, pamoja na shemeji yangu, bwana wa dada yangu, na tukifika Industrial Area tayari tumemaliza kucheka vicheko vya siku nzima. Kazi ilikuwa kushusha mabelo kwa lori na kuyapanga godauni, mpaka wenye vibanda wa soko la Gikomba waje kuyachukua.

Godauni yenyewe ilikuwa kubwa, njiwa alikuwa anaingia mlango wa mbele akiwa kijana na kutoka wa nyuma akiwa na wajukuu. Lakini kelele haikuwepo. Nguo inakula sauti. Unamuita mtu aliye upande wa pili wa rundo, sauti inatoka mdomoni na kuanguka hapo hapo kwa viatu vyako. Na belo likikaa linajilaza polepole, kwa hivyo uko peke yako, mara unasikia nyuma yako kitu kimeshusha pumzi. Shemeji alikuwa anasema ni wenye nguo, waliokufa huko ng'ambo, wamekuja kutafuta makoti yao. Tulicheka, lakini hakuna aliyependa kuingia katikati ya safu peke yake, hata saa sita mchana.

Juu chini ya mabati kulikuwa na mabomba mekundu ya maji ya kuzima moto, na kwa hayo mabomba vichwa vidogo vya chuma, kila kimoja na kichupa chekundu kama jicho la mtu ambaye hajalala. Sisi tulidhani moto ukitokea vyote vinafunguka pamoja, tunaoga bure. Fundi aliyekuja kuvikagua, mama mmoja wa ovaroli, alicheka sana kusikia hivyo. Akatuambia kila kichwa kinangoja joto lake chenyewe, kichupa kipasuke, maji yafunguke kama mwavuli. Mwavuli unataka nafasi. Akapiga mstari wa rangi ukutani, chini sana ya mabomba, kwamba belo lisivuke hapo.

Halafu akataka tuache mianya kati ya safu, kutoka chini mpaka juu. Moto ukianza chini unapanda kwa huo mwanya, kichwa kilicho juu yake kinausikia haraka, na maji yanashuka kwa njia hiyo hiyo kuukuta. Msimamizi wetu akamuuliza, sasa tukipandisha kidogo tu kuna shida gani, maji si ni maji?

"Haya maji yamepimiwa rundo la urefu huu," yule mama akasema. "Ukipandisha, moto unakua na maji hayakui. Na ukiziba mianya, ni kama kuoga na sufuria kichwani."

Tuliitikia vizuri, ndio madam, na kwa muda tulipanga hivyo. Kisha makontena yakaja yakifuatana, na godauni ilikuwa ile ile. Msimamizi akasema pandisheni. Mstari ukapotea, mabelo yakafika kwa mabomba kabisa, mengine yakabusu vile vichwa. Mianya nayo ilikufa kwa sababu ya ufundi wetu. Rundo refu lenye mianya linayumba, na watu wa mabelo wanajua dawa moja: kufunga meno. Unalaza moja hivi, lingine hivi, kama tofali, unajaza kila tundu mpaka hata panya anaomba ruhusa. Ilikuwa kazi nzuri. Ungeweza kujenga kanisa juu yake.

Tundu moja tu lilibaki. Mahali mabomba mawili yalikutana, yalining'inia chini kidogo na belo halikuingia. Basi tukaacha shimo hapo, tukalishusha ndani ya rundo ngazi kwa ngazi, refu kuliko mtu, na chini yake tukatandika makatoni. Kila timu ya mabelo ina chumba chake cha siri. Mtu akishakula githeri yake anapanda, anashuka ndani, analala kidogo. Siku ile ilikuwa zamu ya shemeji.

Sisi wengine tulikuwa nje kwa jua. Nikaona mwenye foklifti, mzee wa Kiislamu kutoka Majengo ambaye huwa haharakishi hata chai ikimwagika, amesimama na kunusa. Tukaingia. Hakukuwa na miali. Kulikuwa na moshi mwembamba ukitoka chini ya rundo, upande wa ukuta, ukitambaa polepole kwa sakafu kama unatafuta kitu kilichoanguka. Mpaka leo sijui ulianza na nini. Wengine walisema waya.

Vichwa vilikaa kimya. Moto ulikuwa chini na hauna pa kupandia, basi ukaenda pembeni, ndani kwa ndani, na joto likatokea juu mahali pengine kabisa. Ndipo nikasikia tik, tik, vichupa vikipasuka huko katikati, na kengele ikaanza kulia.

Mvua ikanyesha. Tulisimama kwa njia tukiisikia juu yetu, kubwa, kama mvua ya Aprili kwa mabati, na sisi tuko pakavu. Ilipiga migongo ya mabelo ya juu, ikateleza kwa plastiki, haikushuka. Moto ulikuwa huku, mvua ilikuwa kule. Kwenye ufa mdogo kati ya mabelo mawili, usawa wa goti langu, niliona wekundu. Ukafifia, ukawaka tena, ukafifia. Ulikuwa umelala vizuri chini ya mvua.

Nikamwita shemeji. Sauti ikaanguka kwa viatu.

Kupanda juu haikuwezekana tena, moshi ulikuwa umejaa kule mweusi tititi. Lazima tumtoe kwa ubavu, lakini ubavu gani? Kutoka chini kila belo linafanana na mwenzake, na ukitoboa pasipofaa, unampoteza yeye na wewe mwenyewe. Yule mzee alikuwa anatembea ameinama, anaangalia sakafu. Akasimama.

"Kijana, hapa kuna maji."

Ilikuwa kweli. Sakafu yote ilikuwa kavu, isipokuwa hapo, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka chini ya rundo. Kuna mahali pamoja tu yangeweza kupita, lile shimo letu la kulala.

Mzee akaingiza uma za foklifti katikati ya ukuta ule wa mabelo, akavuta belo moja, akavuta lingine. Meno yetu yalishika, juu hapakuanguka. Nyuma ya hayo maji yakatoka kwa kishindo, halafu ukatoka mkono, na sisi tukavuta huo mkono kama tunautaka twende nao nyumbani.

Wazima moto walikuja na mipira yao, na hata wao walilazimika kutoa mabelo moja moja nje na kuyapasua, siku baada ya siku. Belo lililoonekana zima ukilifungua lilikuwa jekundu katikati.

Shemeji tulimkalisha ukingoni mwa barabara, amelowa, anatoa mvuke kwa jua kama muhogo wa kuchemshwa. Akakohoa mpaka akamaliza. Dada yangu alikuwa tayari njiani anakuja. Nikamwambia ajipange, mke wake atamuuliza ameoga wapi.

Hakucheka. Alinishika mkono.

"Nani alikuwa na mimi mle ndani?"

Nikamwambia hakuna mtu, tumehesabiana, wote tuko hapa nje.

"Walikuwa wengi," akasema. "Wananong'ona. Mwanzo walikuwa mbali, upande wa ukuta. Halafu wakawa wanasogea."

Nikakaa kando yake tukiangalia mlango. Ndani mvua ilikuwa bado inanyesha.