Kuli na Rangi ya Bibi Harusi

Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, maduka ya Musoma yalijaa televisheni za rangi. Mimi nilikuwa na kamera ya video, nikirekodi harusi. Mwenye duka mmoja mjini naye akaingia kazi hiyo. Kwa kuwa televisheni kubwa ilikuwa yake, kamati za harusi zilikwenda kwake kulinganisha kanda zetu.

Kazi zikanikimbia. Nikasikia kwamba watu kwenye kanda zangu wanatoka na rangi ya majivu. Nikaenda dukani, nikasimama nyuma ya wateja. Kwenye kioo, bibi harusi niliyemrekodi Butiama, mweusi wa kung'aa, alikuwa kama maiti. Mwenye duka alipoweka kanda yake, alibonyeza rimoti kwanza. Ngozi zikarudi.

Nikatoka. Nilitaka shahidi.

Nikueleze, maana ni jambo rahisi. Weupe wa televisheni hupangwa. Pale kulikuwa na Cool, yaani baridi, Normal, ya kawaida, na Warm, ya joto. Cool huzidisha bluu: shati linameta, lakini ngozi ya kahawia inapoteza wekundu wake. Warm hupunguza bluu. Mwanzoni utaona kama umanjano. Lipe jicho lako dakika chache, litazoea, na ngozi itakuwa ngozi. Normal ya televisheni ile ilikuwa katikati, bado na bluu kidogo. Mwenye duka aliziweka kanda zangu kwenye Cool na zake kwenye Warm, huku akiwaambia wateja kwamba Warm inachemsha mashine, isiachwe muda mrefu.

Kamati ya harusi kubwa ya Bunda ilipokuja, nikawahi rimoti, nikamwambia mwenye duka:

"Leo kaa, bwana. Tuanze na harusi ya binti yako."

Nikaweka kanda hiyo ya kwake, kwenye Cool. Akatokea mwenyewe, akihutubia.

Shangazi wa bibi harusi, mwenyekiti wa kamati, akainama mbele. "Baba, huyu ni wewe? Siku hiyo ulikuwa umetoroka wodini?"

Watu wakacheka. "Weka ile nyingine," mwenye duka akaninong'oneza.

"Ipi?"

"Warm."

"Si itachemsha mashine? Ndivyo ulikuwaga unawaambia."

Nikaiacha hotuba yake iishe yote kwenye Cool, na ilikuwa ndefu. Kisha nikamwomba aweke mkono wake kando ya kioo, nikapitisha Cool, Normal, Warm, polepole, kila mtu aone mkono unafanana na ipi. Ndipo nikaweka kanda yangu, kwenye Warm ileile.

"Kumbe sisi tulikuwa tunaonyeshwa kuli," shangazi akasema. Ndivyo ulimi wake ulivyolitamka lile neno Cool la kwenye kioo.

Kazi nikapewa mimi. Lakini kilichonishibisha ni lile neno. Lilifika Bunda, likarudi mjini, likamganda mwenye duka. Mtu ambaye hakuwahi kubeba hata boksi lake mwenyewe akaitwa Kuli. Kila nilipopita dukani kwake nilimsalimia kwa jina hilo, kwa sauti ya kirafiki kabisa, hasa akiwa na wateja.