Mfano wa Faili 35-18-35

Kwa miaka kumi na moja hakuna faili la mgonjwa lililowahi kumpotea Mama Faili. Jina hilo alibandikwa na madaktari, naye alilivaa kwa raha. Mwisho wa mwezi alikuwa aitwe kwenye usaili wa usimamizi wa chumba cha kumbukumbu, cheo alichokisubiri mpaka akachoka kukitaja nyumbani. Sharti lilikuwa moja tu: asiwe na barua ya onyo.

Asubuhi moja mkuu wa kumbukumbu, bwana wa ghorofa ya tatu asiyependa kushuka ngazi, alimtumia ujumbe kwenye simu. Hospitali ilikuwa inabadili mpangilio wa mafaili. Kila namba ina jozi tatu za tarakimu, na sasa kila jozi ingekuwa na kazi yake.

“Faili 35-18-35: rafu 35, sehemu 18, nafasi 35. Fanya hivyo hivyo kwa yaliyobaki. Anza na matatu, unitumie nione kama umeelewa.”

Yaliyobaki yalikuwa elfu nne. Mama Faili akachukua matatu ya juu, akaandika bila kusita: 12-40-77, rafu 12, sehemu 40, nafasi 77. Mengine mawili akayafanya vivyo hivyo, akatuma, akaanza kufuta rafu vumbi.

“Umekosea yote. Angalia mfano.”

Akauangalia. Akavaa miwani, akauangalia tena. Rafu 35, namba inaanza na 35. Sasa kosa liko wapi? Akaandika kwa adabu zake zote: “Mkuu, naomba unieleweshe kidogo.”

“Mfano uko wazi.”

Wako watu wa namna hii, wanakupa kitendawili halafu wanakasirika usipokitegua. Mama Faili akajaribu kuanzia jozi ya katikati, ingawa mwenyewe aliona haiingii akilini. Akatuma tena. Mara hii jibu lilikuja upesi: “Wewe ni mzito wa kuelewa. Nakuandikia onyo.”

Akakaa juu ya boksi. Kulia hakutaka, lakini machozi hayakumwomba ruhusa.

“Wifi, vipi tena?” Mke wa kaka yake, mpokezi wa wagonjwa, alikuwa amechungulia dirishani. “Watu wamejaa huku, nataka mafaili, wewe umekaa unalia!”

“Soma hii. Niambie kama mimi ndiye mjinga.”

Mpokezi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata namba. “Thelathini na tano, kumi na nane, thelathini na tano.” Kidole kikarudi mwanzo. “Sasa wifi, hii rafu thelathini na tano imetoka mbele ya namba au nyuma?”

Mama Faili akampokonya simu. Kutoka mbele, 35-18-35. Kutoka nyuma, 35-18-35. Kati ya mafaili elfu nne, bwana yule alikuwa ameokota moja lisiloweza kumfundisha mtu chochote!

Akaandika upya, akianzia mwisho: 12-40-77, rafu 77, sehemu 40, nafasi 12. Akatuma yote matatu.

“Sawa. Umeona ilivyo rahisi? Ila barua imeshaenda utawala.”

Mama Faili alizipanda ngazi za ghorofa tatu bila kupumzika, akaingia bila kubisha hodi.

“Mkuu, kwa nini tunaanzia mwisho?”

“Ili mafaili mapya yasijazane rafu moja. Namba mpya zikifuatana, jozi ya mwisho ndiyo inayobadilika, kwa hiyo yanagawanyika rafu zote. Hilo si geni.”

“Ni geni kwetu huko chini. Haya, usome mfano wako kutoka mbele. Umesoma? Sasa kutoka nyuma.”

Mkuu akasoma. Midomo ilicheza, ikatulia. Akasoma mara ya pili, safari hii polepole, na masikio yakaanza kumwiva.

“Basi si ungesema,” akanong'ona.

“Nilikuomba unieleweshe. Ukaniita mzito.” Sauti ilikuwa inamtetemeka, naye hakuificha. “Miaka kumi na moja, mkuu. Naitaka barua hiyo irudi kabla ya usaili.”

Mkuu akakuna kidevu, akapangapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. “Itabidi iandikwe barua ya kuifuta. Iandike wewe, mimi nitaweka saini. Haina ugumu.” Akavuta droo, akatoa barua moja ya zamani. “Nikupe mfano?”

Mama Faili akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

“Nipe miwili.”