Sauti ya Tatu na Koili ya Jirani

Mke wangu amenikataza kutaja majina ya watu. Sawa. Lakini waliofanya mambo lazima wajulikane, kwa hivyo nitawaita kwa vyeo vyao, na wenyewe wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni msimamizi wa kiwanda kimoja kule Baba Dogo, aliyeondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka. Mashine ilinichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Yeye alipandishwa cheo, mimi nikapewa pole na blanketi. Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Nikawa mtunzi kwa kulazimishwa, kwa sababu kuimba hakuhitaji vidole, na manota sikuwahi kufundishwa. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Nikitunga wimbo, kila sauti naihumu, yaani naivumisha mdomo umefungwa, peke yake ndani ya simu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wanakwaya wanasikiliza na kushika. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi pale kanisani kwetu Tassia, na tumeshawatoa jasho watu wenye piano.

Mwaka mmoja tulikuwa na mashindano ya kwaya siku ya Jumapili. Wimbo ulikuwa mpya. Ile sauti ya tatu, ya tena, yaani ya wanaume wanaoimba juu, ilinijia Alhamisi nikiwa naoga, nikatoka na povu la sabuni kichwani nikairekodi. Nilipojaribu kuiimba tena baada ya kujikausha, ilikataa. Kila nikianza najikuta nimeingia sauti ya kwanza. Nikasema haina shida, iko kwa simu, Jumamosi jioni tutafanya mazoezi.

Mshtakiwa wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kututembelea akazoea kochi letu. Simu yangu kila asubuhi ilikuwa inaniambia kuna programu mpya ya kusasisha, nami kila asubuhi naiambia baadaye. Sikuwa mvivu. Betri yake ilikuwa imezeeka. Ukipiga simu mbili unaona nusu ya chaji imepotea. Jumamosi mchana nikaenda kinyozi, nikaiacha mezani ikiwa na chaji kidogo sana. Shemeji akaamua kunisaidia.

Akajaribu kusasisha, simu ikakataa, ikasema chaji haitoshi. Hapo mtu mwenye akili angeiacha ichaji kwanza. Yeye akaichomeka, akangoja ifike asilimia kumi na saba tu, akabonyeza tena. Sasa ikakubali, kwa sababu ilihisi waya. Simu haijui waya umetoka kwa nyumba gani, wala kama stima ya huko hukatika.

Sasa njoo kwa mshtakiwa wa tatu, mama wa ghorofa ya juu yetu. Ploti yetu, jengo tunalopanga, mita ya stima, yaani umeme, ni moja kwa ngazi nzima, na koili ya kupikia, lile jiko la waya linalokula stima, imepigwa marufuku. Marufuku imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Huyo mama huweka maharagwe kwa koili mchana, akijua keateka, mtunza ploti, amelala. Siku hiyo akaongeza na pasi. Swichi kubwa ya ngazi ikaruka, nyumba zote zikanyamaza. Keateka alipoamka aliirudisha bila haraka, baada ya kunywa chai.

Nilipoingia nyumbani na kichwa kipya, shemeji alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama mtoto wa homa. Akaniambia kulikuwa na karoboti kadogo kwenye kioo na mstari unaojaa, mstari ulikuwa umepita nusu, stima ikaenda, na baada ya muda mfupi simu ikazima yenyewe. Sasa stima imerudi, ameiwasha, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inaonyesha tena. Mke wangu akauliza kama ni wimbo wa kanisa ndio uko humo. Nikasema ndio huo.

Kidogo kioo kikabadilika. Kikaandika kwamba simu imeshindwa kufunguka, na chini kuna mistari miwili: jaribu tena, au futa kila kitu uanze upya. Shemeji akapeleka kidole kwenye ule wa pili.

"Shemeji," nikamwambia polepole, "ukibonyeza hapo, hata kochi utaanza upya mahali pengine."

Akaondoa kidole. Tukaenda Kayole, kwa fundi wa simu ninayemwamini, mama mmoja mwenye kibanda karibu na stesheni ya matatu. Nilimpigia kiongozi wa tena kwa simu ya mke wangu nikamwambia atukute huko na vijana wake, kwa sababu kama simu imekufa itabidi tutunge sauti nyingine hapohapo.

Fundi aliisikiliza hadithi yote, akacheka tulipofika kwenye maharagwe. Halafu akatueleza. Simu mpya nyingi, akasema, huweka programu mpya pembeni, na ikikatika katikati zinarudi kwa ile ya zamani kama hakuna kilichotokea. Hii yangu ni ya zamani, inaandika mpya juu ya ile ile inayotumia.

"Ni kama kubomoa ukuta ukiwa bado unakaa ndani," akasema. "Ukiacha nusu, si nyumba ya zamani, si nyumba mpya. Ndiyo maana inataka chaji ya kutosha kabla ya kuanza. Katikati haiwezi kupumzika."

"Na nyimbo zangu?"

"Vitu vyako vinakaa chumba kingine, baba. Kama hakuna aliyebonyeza kufuta, bado viko."

Shemeji akaangalia viatu vyake.

Fundi hakuanza kazi. Aliiweka kwenye chaji kwanza, akakataa kabisa kuigusa mpaka ijae vya kutosha, hata nilipomwambia jioni inaingia. Akasema hawezi kurudia kosa lilelile kwa mkono wake. Kompyuta aliyotumia nayo ilikuwa na betri yake, stima ya Kayole ikiamua kwenda iende. Wakati tunangoja, matena walifika, tukajaribu kuitafuta ile sauti. Mmoja aliimba kitu kama tangazo la sabuni. Mwingine akaimba besi, sauti ya chini kabisa, akidai ni tena. Kiongozi wao akaniuliza kama siwezi kurudi kuoga labda itakuja. Nilicheka mpaka nikashika meza ya fundi, naye akaniambia niiachilie meza.

Hatimaye akaunganisha waya, akaingiza programu yote upya, ileile mpya iliyokuwa imekwama nusu, bila kugusa chumba cha vitu vyangu. Tulijipanga nyuma yake. Jina la kampuni likatokea. Likakaa. Likakaa sana, hata shemeji akaanza kuomba kwa sauti. Halafu ikauliza namba yangu ya siri.

Nilifungua mahali pa sauti. Zote nne zilikuwepo. Nikabonyeza ya tatu, ikatoka sauti yangu na maji yakidondoka sakafuni, na matena wakainamisha vichwa karibu na simu. Mara ya pili walihumu nayo. Mara ya nne sikuihitaji tena simu, walikuwa wameishika, wanaiimba mbele ya kibanda na watu wa stesheni wamesimama kutazama.

Fundi akatoa kichwa nje akatuambia tusogee kando, tumewazibia wateja njia. Tukasogea hatua chache, tukaimba kutoka mwanzo, na shemeji akiwa kwenye besi, ambako hata hivyo hakuna aliyemwita.